Karatasi ya mazoezi ya mawimbi: kasi, masafa, urefu wa wimbi na mwangwi wa kisima

Nikisahihisha karatasi za mawimbi, ni nadra kukuta mwanafunzi aliyesahau kwamba v = f × λ. Kanuni anaijua. Anakosea kwenye namba anazoingiza: amehesabu vilele akadhani amehesabu mawimbi, ameacha megahezi bila kuzigeuza kuwa hezi, au amechukua muda wa sauti kwenda na kurudi akaufanya wa kwenda tu. Kwa hiyo karatasi hii nimeipanga ili kila swali limlazimishe mtu kuchora kwanza njia ya wimbi, ndipo ashike kikokotoo. Maswali matatu ya mwanzo ni mafupi, ya kuzoesha mkono. Kazi yenyewe iko kisimani.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Masafa, yaani f, ni idadi ya mawimbi yanayopita mahali pamoja kwa sekunde moja, na kipimo chake ni hezi. Neno hili lina mtego, kwa sababu masafa ni umbali pia, kama tunaposema mkimbiaji wa masafa marefu. Hapa masafa ni ya mawimbi peke yake. Urefu wa njia nitauita umbali. Urefu wa wimbi, λ, ni umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata, kwa mita. Ukipima kutoka kilele hadi bonde umepata nusu yake. Kasi, v, ni mita ambazo wimbi linasafiri kwa sekunde moja. Kila wimbi likipita, safari imesogea urefu mmoja wa wimbi. Yakipita mawimbi f kwa sekunde, safari imesogea f mara λ. Kanuni inatoka hapo.

Swali la 1: Ngalawa na vilele

Ngalawa imetia nanga kwenye maji ya kina kifupi. Mvuvi anaanza kuhesabu kilele cha kwanza kinapogusa omo, na kilele cha kumi na moja kinafika sekunde 40 baadaye. Umbali kati ya kilele na kilele ni mita 18. Tafuta kasi ya mawimbi.

Chora vilele kumi na moja kwenye mstari, kisha hesabu nafasi zilizo kati yake. Ni kumi. Saa ilianza kilele cha kwanza kilipofika, kwa hiyo ndani ya sekunde 40 yamepita mawimbi 10 kamili.

```
f = 10 ÷ 40 = 0.25 Hz
v = 0.25 × 18 = 4.5 m/s
```

Aliyegawanya 11 kwa 40 atapata 4.95, na jibu hilo halishtui macho, ndiyo maana kosa hili linadumu hadi mtihani. Dawa yake ni kuhesabu kuanzia sifuri: kilele cha kwanza kikigusa omo, sema "sifuri", kinachofuata "moja". Utamaliza na kumi bila kujikumbusha chochote.

Swali la 2: Kituo cha redio

Kituo kinarusha matangazo kwa megahezi 100. Mawimbi ya redio hewani husafiri kwa kasi ya mwanga, 300,000,000 m/s. Urefu wa wimbi ni kiasi gani?

Megahezi 100 ni hezi 100,000,000, na mgawanyo unatoa mita 3. Mwanafunzi aliyegawanya kwa 100 bila kugeuza anapata mita 3,000,000, yaani kilomita 3,000. Hapo mwambie alitazame jibu lake kwenye ramani: wimbi hilo lingekuwa refu kuliko Tanzania yote kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Tanganyika. Kisha aangalie antena ya fimbo kwenye gari la zamani. Aghalabu huwa na urefu wa sentimita 75 hivi, ambayo ni robo ya mita 3. Robo ya wimbi ni kipimo kinachoifaa fimbo ya namna hiyo kupokea mawimbi.

Swali la 3: Sauti inaingia majini

Sauti ya hezi 500 inasafiri hewani kwa 340 m/s, halafu inaingia majini ambako kasi yake ni 1,500 m/s. Hewani urefu wa wimbi ni 340 ÷ 500 = mita 0.68. Majini ni 1,500 ÷ 500 = mita 3. Masafa hayabadiliki, kwa kuwa kila msukumo mmoja wa hewa unaoufikia uso wa maji unasababisha msukumo mmoja ndani ya maji. Hauwezi kuzaa miwili, wala hauwezi kupotea njiani. Kinachobadilika ni nafasi kati ya msukumo na msukumo. Walakini sauti inayofanikiwa kuingia majini ni kidogo mno. Karibu yote inagonga uso wa maji na kurudi. Lishike hilo, maana ndilo linaloleta mwangwi wa kisima.

Kabla ya kwenda kisimani

Swali lililozoeleka vitabuni husema hivi: mtu amepiga makofi kwenye mdomo wa kisima na kusikia mwangwi baada ya sekunde kadhaa, tafuta kina. Ukilifanya kwenye kisima halisi unagundua kwamba karibu kila neno la swali hilo linahitaji kuangaliwa upya.

La kwanza ni kusikia. Sikio letu linahitaji kama sehemu ya kumi ya sekunde kutenganisha sauti ya kwanza na mwangwi wake. Kwa muda huo sauti inakwenda mita 34, yaani mita 17 kwenda na 17 kurudi. Kwenye kisima chenye maji mita 8 chini utasikia tu sauti yako ikiwa nzito na yenye mvumo, bila mwangwi ulio peke yake.

La pili ni muda. Hata mwangwi ukisikika, saa ya kubonyeza haifai. Tangu mtu asikie hadi kidole kibonyeze, inapita kama sehemu mbili za kumi za sekunde, na kisima nitakachokieleza hapa kinarudisha sauti ndani ya muda mfupi kuliko huo. Kidole kinachelewa kuliko kitu chenyewe kinachopimwa. Kwa hiyo tunatumia simu kurekodi, halafu tunasoma picha ya sauti.

La tatu ni kasi. Vitabu vingi hutoa 340 m/s, nayo ni sawa kwa hewa yenye nyuzijoto 15. Kwetu hewa huwa na joto zaidi, na kwa hesabu hii inatosha kutumia:

```
v = 331 + 0.6 × nyuzijoto
```

Teremsha kipimajoto kwa kamba hadi katikati ya kisima, kiache dakika tano, kivute na ukisome mara moja. Hewa ya ndani mara nyingi haina joto sawa na ya juani.

Hatua za kupima

Omba ruhusa kwa mwenye kisima, na simu ifunge kamba mkononi kabla hujasogea ukingoni. Wanafunzi wasimame nje ya ukingo. Wa kupiga ni mmoja na wa kushika simu ni mmoja.

Kabla ya kurekodi, fungua mipangilio ya simu na uzime kipengele cha kupunguza kelele kama kipo. Simu nyingi zimeundwa kwa ajili ya mazungumzo, na programu zake huona mwangwi kama uchafu wa kufutwa. Ukirekodi ukakuta pigo la kwanza liko wazi na baada yake kimya cha ajabu, mara nyingi sababu ni hiyo. Tumia programu nyingine ya kurekodi.

Kisha chukua vibao viwili vya mbao ngumu, vya ukubwa wa kiganja, na uvigonganishe mara moja kwenye usawa wa ukingo, simu ikiwa kwenye usawa huohuo. Subiri sekunde mbili kabla ya kupiga tena. Piga mara tano. Makofi ya mikono yanafaa pia, ila vibao vinatoa mlio mfupi zaidi na mwanzo wake unaonekana vizuri kwenye picha.

Sasa sogea hatua kumi kutoka kisimani, mgongo ukikipa kisima, upige tena mara tano. Rekodi hii ya pili wengi huiruka, nami nasisitiza isirukwe. Ukuta wa nyumba ulio mita 6 kutoka kwako unarudisha sauti yake baada ya sekunde 0.035 hivi, na kwenye picha unafanana kabisa na mwangwi wa kisima kifupi. Alama inayotokea tu unapopiga ukingoni ndiyo ya kisima. Inayotokea pia ukiwa pembeni ni ya ukuta, au ya gari lililoegeshwa.

Hamishia rekodi kwenye kompyuta, uifungue kwa programu ya Audacity, na ukuze picha mpaka pigo moja lijaze kioo. Utaona mwiba mrefu, halafu mwiba mfupi zaidi, pengine na wa tatu uliofifia. Weka alama mwanzo wa mwiba wa kwanza, buruta hadi mwanzo wa unaofuata, na usome muda wa sehemu uliyoichagua. Pima mwanzo kwa mwanzo. Ukipima mwanzo wa mmoja na kilele cha mwingine, unaongeza muda usiokuwepo.

Swali la 4: Kina cha kisima

Kisima tulichopima kimechimbwa kwa mkono na kina ukingo wa saruji uliopanda sentimita 80 kutoka ardhini. Kipimajoto ndani yake kilisoma nyuzijoto 25. Kwenye picha ya sauti mwangwi wa kwanza ulikuja sekunde 0.126 baada ya pigo, wa pili sekunde 0.252, wa tatu sekunde 0.378.

Tazama kwanza hizo namba tatu kabla ya kukokotoa. Zinapishana kwa 0.126 kila mara. Sauti imeshuka na kupanda, ikafika mdomoni, sehemu yake ikatoka nje na sehemu ikarudi chini tena. Mpangilio huo wa hatua sawa ndio unaotuhakikishia kwamba tunaangalia kisima. Kama mwangwi wa kwanza umefunikwa na kelele na wewe ukauchukua wa pili ukidhani ni wa kwanza, utapata kina maradufu. Namna ya kugundua ni kulinganisha: muda kutoka pigo hadi mwangwi utakuwa mara mbili ya muda kati ya mwangwi na mwangwi. Ukiona hivyo, kuna mmoja uliokupita.

Sasa chora: mshale unaoshuka, mshale unaopanda. Njia yote ni kina mara mbili.

```
v = 331 + 0.6 × 25 = 346 m/s
njia yote = 346 × 0.126 = 43.6 m
kina = 43.6 ÷ 2 = 21.8 m
```

Kutoka ukingoni ni mita 21.8, na kutoka usawa wa ardhi ni 21.8 − 0.8 = mita 21.0. Andika zote mbili na useme umepimia wapi. Aliyetumia 340 badala ya 346 atapata 21.4 kutoka ukingoni, tofauti ya kama sentimita 40. Kwa mtihani ni sawa kama swali limetoa 340. Kwa mtu anayetaka kununua kamba ni tofauti kati ya ndoo kuzama na ndoo kuning'inia.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kuteka alituuliza tunatafuta nini, na kijana aliyeshika simu akamjibu, "Tunapima kina, Mama."

"Kina cha wapi, mwanangu? Kamba yangu inakula pima kumi na mbili kufika majini. Kufika chini sijui, aliyechimba ndiye anajua."

Pima moja, mikono ikinyooshwa pande zote, ni kama mita 1.8. Mara kumi na mbili ni mita 21.6, karibu kabisa na namba yetu. Ila swali lake la "kina cha wapi" lilikuwa na uzito kuliko hesabu. Sauti imegonga uso wa maji ikarudi. Haijui kama chini ya uso huo kuna maji ya nusu mita au ya mita tano. Swali la kitabu linaposema kina cha kisima, mwangwi unatoa umbali hadi majini tu, isipokuwa kisima kiwe kimekauka. Kujua maji yana kina gani, unateremsha jiwe safi lililofungwa kwenye kamba: weka alama linapogusa maji, weka nyingine kamba inapolegea, na upime kati ya alama hizo mbili.

Swali la 5: Mluzi badala ya kibao

Mwanafunzi anauliza kwa nini asipige mluzi. Hapa ndipo masafa na urefu wa wimbi vinapoingia kisimani. Mluzi una hezi 1,000, na kasi ni ileile 346 m/s. (a) Tafuta urefu wa wimbi. (b) Mawimbi mangapi yanaenea katika njia ya kwenda na kurudi? (c) Kwa nini mluzi wa sekunde moja haufai kupima kisima hiki?

Urefu wa wimbi ni 346 ÷ 1,000 = mita 0.346. Njia yote ni mita 43.6, na ukigawanya kwa 0.346 unapata mawimbi 126. Sasa lipate jibu hilohilo kwa upande mwingine: mluzi unatoa mawimbi 1,000 kwa sekunde, na safari inachukua sekunde 0.126, kwa hiyo yametoka mawimbi 1,000 × 0.126 = 126. Njia mbili zimekutana. Napenda mwanafunzi akae na jambo hili dakika moja zaidi, kwa sababu anaona kwamba f, λ na v vinaeleza foleni moja ya mawimbi: unaweza kuihesabu kwa muda, unaweza kuipima kwa mita.

Sehemu ya (c) inatoka kwenye picha hiyohiyo. Mluzi wa sekunde moja ni foleni yenye urefu wa mita 346, na njia yote ni mita 43.6 tu. Kichwa cha foleni kimesharudi masikioni wakati mkia bado haujatoka mdomoni, hivyo mwangwi unafunikwa na mluzi wenyewe. Pigo la kibao linalodumu kama sehemu moja ya mia ya sekunde lina urefu wa mita 3.5 hivi. Linatosha kwenye kisima hiki. Kisima ambacho maji yako mita moja na nusu chini kina njia ya mita 3 peke yake, na hapo hata kibao kinajifunika. Chukua rula ndefu au kamba.

Swali la 6: Jiwe lililoangushwa

Swali hili huwekwa karibu na la mwangwi na watu huyachanganya. Tulifanyie kwenye karatasi tu, kwa kuwa maji hayo watu wanayanywa. Jiwe limeachiwa kutoka ukingoni na mlio wa kutumbukia umesikika baada ya sekunde 2.17. Kina ni kiasi gani, kwa g = 9.8 m/s²?

Chora njia: jiwe linashuka, sauti inapanda. Sauti imesafiri upande mmoja tu, kwa hiyo hakuna kugawanya kwa mbili. Kitu kinachoanguka kutoka kutulia hushuka nusu ya g mara muda kwa kipeo cha pili, na nusu ya 9.8 ni 4.9. Anza kwa kujifanya sauti haichukui muda: kina = 4.9 × 2.17² = mita 23.1. Sasa uliza sauti ingechukua muda gani kupanda mita 23.1: 23.1 ÷ 346 = sekunde 0.067. Utoe kwenye 2.17, jiwe limeanguka kwa sekunde 2.103, na kina kinakuwa 4.9 × 2.103² = mita 21.7. Rudia mara moja tena kwa 21.7 na utapata mita 21.8. Ukirudia zaidi haisogei, basi simama hapo.

Swali la 7: Kiangazi

Mwishoni mwa kiangazi tulirudi kwenye kisima kilekile na vibao vilevile. Kipimajoto kilisoma 25 tena, na mwangwi wa kwanza ulikuja sekunde 0.138 baada ya pigo. Maji yameshuka kwa kiasi gani, na kamba ya Mama iongezwe pima ngapi?

Unaweza kukokotoa kina kipya kizima, lakini njia fupi ni kushughulika na ongezeko la muda peke yake: 0.138 − 0.126 = sekunde 0.012. Sauti kwa muda huo inakwenda 346 × 0.012 = mita 4.15, nusu yake ni mita 2.1. Kwa pima ni zaidi kidogo ya moja. Wanafunzi wengi waliandika moja. Aliyeandika mbili alieleza pembeni kwamba ndoo lazima izame ndipo ijae, na kamba iliyoishia kwenye uso wa maji haiteki kitu. Huyo nilimpa alama zote.